Kumshtaki Kinjeketile: Hati ya Mashtaka na Ushahidi wa Matini

1.0 Utangulizi

Zoezi la kumfikisha mhusika wa fasihi mahakamani limezoeleka katika ufundishaji wa tamthilia. Hata hivyo, mara nyingi huishia kuwa mdahalo wa kawaida: upande mmoja unalaumu, wa pili unatetea, na kitabu kimewekwa mezani bila kufunguliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha udhaifu huo ni hati ya mashtaka, wala si uvivu wa wanafunzi. Shtaka lililoandikwa kwa kitenzi kisichopimwa huzaa kesi isiyohitaji matini. Mfano tutakaoutumia ni Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, ambayo mwandishi wa makala haya ameifundisha kwa njia hii katika semina za uzamili.

Kisa chenyewe ni maarufu, nasi tutakigusa kwa ufupi. Kinjeketile anapandwa na mzuka wa Hongo, anaingia mtoni, na anapotoka anawapa watu maji na kuwahimiza waungane dhidi ya Wajerumani. Katika maneno yale ya mzuka mna kauli kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Baadaye kauli hiyo inamtia shaka: iweje wamtoe mtawala mmoja ili wamtumikie mwingine? Anataka watu wasubiri. Vita vinapiganwa, watu wanauawa, na mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.

2.0 Hati ya mashtaka

Mara ya kwanza tulimshtaki kwa shtaka moja tu, kwamba "aliwadanganya watu". Kesi ilikwisha kwa dakika ishirini. Upande wa mashtaka ulisema watu walikufa, kwa hiyo walidanganyika, kwa hiyo yupo aliyewadanganya. Upande wa utetezi haukupata pa kushika.

Kosa lilikuwa katika kitenzi. Katika Kiswahili, kudanganya hakulazimu nia. Mtu husema macho yamemdanganya, au kiangazi kilimdanganya akapanda mapema, na hakuna anayefikiri kwamba macho au kiangazi vilikusudia hila. Kusema uongo ni jambo jingine: msemaji hutamka analolijua kuwa si kweli. Shtaka letu lilitumia neno la kwanza na kudai adhabu ya neno la pili. Mnyambuliko wenyewe unafungua njia zaidi, kwani mtu anaweza kudanganya, kudanganywa na kujidanganya, na swali la tamthilia liko katikati ya vitenzi hivi vitatu.

Hivyo tuliligawa shtaka katika matatu. La kwanza: kwamba alipotoka mtoni aliahidi kinga ya maji hali akijua kwamba haipo. La pili: kwamba baada ya kupata shaka hakuitangaza shaka hiyo kwa watu waliokuwa wakiyategemea maji. La tatu: kwamba alipotakiwa kukana, alikataa, ingawa kukana kungeweza kuokoa maisha. Kila shtaka lina wakati wake, na kila wakati una kurasa zake.

3.0 Wahusika wa kesi na kanuni ya ushahidi

Baraza lilikuwa na hakimu mmoja na wazee wa baraza wawili. Kila upande ulikuwa na mawakili wawili, na mashahidi walikuwa Kitunda, mke wa mshtakiwa na mmoja wa watu waliokunywa maji. Hatukuiweka mahakama ya Wajerumani. Iliyomnyonga Kinjeketile wa historia ilikuwa na kesi yake, nayo haikujali iwapo watu wake mwenyewe walitendewa haki. Baraza letu lilikuwa la wazee waliobaki baada ya vita.

Cheo muhimu kuliko vyote ni cha karani wa ushahidi, anayekaa na kitabu. Shahidi hujibu yale tu ambayo mhusika wake aliyashuhudia jukwaani. Wakili huweza kupinga, na karani hufungua ukurasa na kueleza nani alikuwapo. Pasipo na ukurasa, jibu ni moja: "Kitabu hakisemi." Mwanzoni wanafunzi huchukia jibu hilo, hasa anayeigiza mshtakiwa, ambaye hupenda kujitungia hisia.

Kanuni hii huibua jambo ambalo usomaji wa kimyakimya hulificha. Shaka ya Kinjeketile sisi wasomaji tunaijua vizuri, lakini ni nani ndani ya tamthilia anayeijua? Kitunda anaijua, kwa sababu anaelezwa. Umati hauijui. Kwa hiyo shahidi aliyekunywa maji hana la kusema kuhusu shaka hiyo, na kutojua kwake ndiko kunakokuwa ushahidi mzito wa shtaka la pili.

Kanuni ya pili ni kwamba historia haiingii barazani. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Mwaka mmoja wakili wa utetezi alileta hoja iliyotikisa chumba: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ilhali shambulio la boma la Mahenge lilikuwa tarehe 30 Agosti. Je, maiti inawezaje kushtakiwa kwa kukataa kukana baada ya mapigano makubwa? Hoja ni sahihi kihistoria, na ingelifuta shtaka la tatu. Hakimu aliikataa, na alifanya vyema. Hussein amemweka hai shujaa wake hadi baada ya kushindwa ili alikabili swali hilo. Ukiruhusu tarehe za historia, unaifuta onyesho la mwisho.

4.0 Kesi ilivyokwenda

Shtaka la kwanza lilianguka haraka. Maneno ya mtoni yalitamkwa na mtu aliyepandwa, na hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba alijua kinyume. Aidha, ahadi ile ni ya wakati ujao, na kauli ya wakati ujao haiwi uongo kwa sababu tu haikutimia.

Shtaka la pili lilichukua saa nzima. Utetezi ulionyesha kwamba alijaribu kuwazuia watu. Wakili wa mashtaka alimwuliza Kitunda: je, aliwazuia kwa kusema maji hayana nguvu, au kwa kusema wakati haujafika? Karani alifungua kitabu. Mshtakiwa anataka umoja na maandalizi, anaomba muda. Kuahirisha si kukanusha. Mwenye kusema "bado" ameacha tumaini mahali pake, na watu walikwenda vitani na tumaini hilo. Hapo mwanafunzi aliyeigiza Kinjeketile alinyamaza, kisha akajibu kwa kanuni: "Kitabu hakisemi kwa nini sikuwaambia." Mzee mmoja wa baraza aliandika kwamba kimya hicho ndicho kiini cha tamthilia. Nadhani alikaribia, ingawa ningeongeza kwamba mshtakiwa mwenyewe hakuwa na hakika ya kutosha ya kukanusha.

Katika shtaka la tatu mashahidi hawakusaidia sana, kwani ukweli haubishaniwi: Kitunda alimwomba akane, naye alikataa. Kilichobishaniwa ni nini kingetendeka kwa kutamka. Mashtaka yalidai kukana ni kutoa taarifa ya kweli kuhusu maji. Utetezi ulidai kwamba kauli hiyo, ikitolewa kifungoni mbele ya adui, isingekuwa taarifa kuhusu maji. Ingekuwa tangazo kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na ndivyo watoto ambao hawajazaliwa wangefundishwa. Maneno ni yaleyale, tendo la kunena ni jingine.

Kila mwamuzi alitakiwa kuandika hukumu yake pamoja na ukurasa mmoja unaoipinga. Wote watatu walimwachilia kwa shtaka la kwanza. Kwa la pili, wawili walimtia hatiani. Kwa la tatu hakimu alimwachilia, mzee mmoja alimtia hatiani, na wa pili alirudisha karatasi yenye ukurasa unaopinga tu, bila hukumu. Nilimpa alama kamili, na mwenzangu tuliyesahihisha naye bado hajakubaliana nami.