Maji ya Kunywa, Koo Kavu na Nyuzi za Sauti

Walimu, wahubiri na waimbaji wengi huamini kwamba sauti ikikwaruza, funda la maji hupita juu ya nyuzi za sauti na kuzilainisha papo hapo. Imani hiyo haipatani na maumbile ya koo.

Nyuma ya ulimi njia hugawanyika. Mbele kuna zoloto, mlango wa njia ya hewa, ambamo nyuzi za sauti zimo. Nyuma yake kuna umio, njia ya chakula iendayo tumboni. Mtu anapomeza, zoloto hupanda juu na kusogea mbele, nyuzi za sauti hufungana, na kifuniko kiitwacho epigloti huinama juu ya mlango huo. Maji hupita pembeni na kuingia katika umio. Anayeweka kidole juu ya kongomeo na kumeza mate atahisi jinsi linavyopanda na kushuka.

Ushahidi mwingine kila mtu anaujua, nao ni kupaliwa. Tone la maji likigusa nyuzi za sauti, kikohozi kikali hufuata mara moja. Kama kila funda lingezigusa, hakuna ambaye angemaliza glasi bila kukohoa. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayekohoa kila anapokunywa, au ambaye sauti yake huwa kama yenye majimaji baada ya kumeza, hasa aliyepata kiharusi, asihimizwe kunywa zaidi. Apimwe kwanza uwezo wake wa kumeza.

Hata hivyo, maji husaidia kwa njia mbili. Kwanza, hulowesha kinywa na koo la juu, na tendo lenyewe la kumeza husogeza ute uliokwama. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya muda mfupi. Pili, maji hunyonywa katika utumbo, huingia katika damu, kisha hufika kwenye tezi zitoazo ute mwembamba unaofunika nyuzi za sauti. Safari hii haikamiliki kwa sekunde chache. Kwa hiyo anayetaka sauti yake iwe tayari saa mbili asubuhi aanze kunywa mapema, tangu alfajiri. Kinachofika kwenye nyuzi hizo moja kwa moja ni hewa. Ndiyo maana hewa yenye unyevu huzifaa, na kupumulia mdomo katika vumbi au mbele ya feni huzikausha.

Kiasi gani kinatosha? Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilipendekeza mwaka 2010 jumla ya lita 2.0 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, katika hali ya hewa ya wastani. Jumla hiyo ni pamoja na maji yaliyomo katika chakula, ambayo kwa kawaida hukaribia sehemu moja ya tano.

Chukulia mfano wa mwalimu wa kike wa Dodoma. Chakula chake humpa takriban mililita 400. Vikombe viwili vya chai vya mililita 250 huongeza 500. Zinabaki mililita 1,100, yaani karibu glasi nne na nusu za mililita 250. Anywe glasi moja aamkapo, nyingine kabla ya kutoka nyumbani, na zilizobaki azigawe hadi jioni kwa mafunda madogo kati ya vipindi. Siku ya joto kali na jasho jingi aongeze. Kipimo chepesi ni mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha; ukiwa wa manjano iliyokolea, hayatoshi.

Tuseme mwalimu huyo ametimiza kiasi hicho, mkojo wake ni mwepesi, lakini koo bado ni kavu. Kuongeza lita nyingine hakutamfaa. Mhudumu amwulize kama pua imeziba na hulala mdomo wazi, kama anatumia dawa za mzio zisababishazo usingizi, kama piritoni, au amitriptilini, na kama ana kiungulia. Kiu isiyokatika pamoja na mkojo mwingi humtaka apimwe sukari.

Kunywa lita kadhaa kwa muda mfupi kuna hatari. Figo hushindwa kutoa maji hayo kwa wakati, chumvi ya damu hupungua, na mtu huweza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa au kupata degedege. Wenye moyo kushindwa kufanya kazi au ugonjwa wa figo wafuate kiasi walichopangiwa na daktari.

Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki nne haitibiwi kwa maji. Mgonjwa apewe rufaa ili nyuzi za sauti zitazamwe, na asisubiri muda huo iwapo anavuta sigara, ana uvimbe shingoni, anakohoa damu au anapumua kwa shida.