Hadithi Fupi: Mgogoro Unaotokana na Jina

Swali: Andika hadithi fupi kuhusu mwanamke aliyerudia jina lake la kuzaliwa baada ya kutumia jina la mume kwa miaka mingi.

Watahiniwa wengi huanzia alipozaliwa, wakapita shuleni, wakacheza harusini, na ukurasa wa pili unaisha jina bado halijaguswa. Huo ni wasifu. Wewe chagua siku moja tu.

Tuseme mhusika wako mkuu ni Skolastika Ntahondi, mjane wa Murusagamba, wilayani Ngara. Kwa miaka 19 ameitwa Skolastika Rugema. Ni nani anampinga? Usiandike kwamba sheria ilimlazimisha kuchukua jina la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kufanya hivyo. Upinzani utoke kwa watu. Mama mkwe anaona marehemu anazikwa mara ya pili. Binti yake, naye ni Rugema, anauliza swali ambalo mama hana jibu lake. Hapo una mgogoro kati ya wahusika, na ndani yake mgogoro wa nafsi.

Karatasi zitakusaidia. Cheti chake cha kidato cha nne kina jina la Ntahondi kwa sababu alisoma kabla ya kuolewa, ila kitambulisho kinasema Rugema. Ili kurudia jina, anakwenda kwa wakili kuandaliwa hati ya kubadili jina, ambayo baadaye husajiliwa. Hatua hizo zitaje kwa sentensi moja, kwani msomaji hakuja kujifunza taratibu za ofisi. Kaa kwenye saini:

Wakili alimsogezea kalamu. Skolastika aliandika jina la kwanza bila shida. La pili mkono ukaanza wenyewe: R. Akasimama. "Mama," binti yake akasema kwa sauti ya chini, "mimi nitabaki Rugema na nani?" Mama hakumtazama. "Naomba karatasi nyingine," alimwambia wakili.

Ona kwamba herufi moja imebeba miaka 19. Hicho ndicho kilele, na hakina hotuba ya haki za wanawake. (Hotuba hiyo nimeisahihisha mara nyingi mno, huua hadithi iliyoanza vizuri.)

Mwisho si lazima uwe jina la zamani limeshinda. Mkenya Wangari Maathai, baada ya talaka yake mwaka 1979, alitakiwa na aliyekuwa mumewe, Mwangi Mathai, aliache jina lake. Hakurudia la kuzaliwa, Muta. Aliongeza herufi "a" na jina likawa lake. Swali letu linataka jina lirudiwe, kwa hiyo usimwige, lakini tazama jinsi badiliko dogo la maandishi lilivyotatua mgogoro mkubwa.

Zoezi: Andika aya inayofuata, Skolastika akiwa njiani kurudi Murusagamba na binti yake. Binti aulize tena. Usizidi mistari kumi.