Dondoo muhimu: Ukuta wa oda usiuamini

Mfanyabiashara wa Kalemie mwenye USDT 5,000, anayetaka sarafu ndogo isiyo na wauzaji wengi, asitazame bei ya juu ya skrini peke yake. Tuseme zinauzwa sarafu 800 kwa dola 1.00, 1,000 kwa 1.01, 1,200 kwa 1.03 na 2,000 kwa 1.06. Akitumia USDT zote kwa oda ya papo hapo, atapata sarafu kama 4,840, kwa wastani wa 1.03: asilimia 3 imekwisha kupotea.

Chini ya bei hizo, kwa 0.98, kuna ukuta wa oda za kununua sarafu 40,000. Pamoja na nyingine 3,000, wanunuzi wanaonekana ni asilimia 90 ya kitabu. Ondoa ukuta huo, wanabaki asilimia 37.5. Oda isiyotimizwa ni ahadi tu, na hufutwa kwa kufumba na kufumbua. Kwa mfano, mfanyabiashara wa masoko ya fedha Navinder Sarao, aliyekiri kosa nchini Marekani mwaka 2016, aliweka oda kubwa alizokusudia kuzifuta.

Utasema kuta nyingine ni za kweli. Ndiyo, na hata anayefuta oda huenda anakwepa hasara tu. Lakini nia yake huhitaji kuijua: piga hesabu bila ukuta, kisha tazama kama unabaki bei inapousogelea na kama mauzo yanatimia hapo. Nunua kidogo kidogo kwa oda yenye bei ya kikomo, mfano 1.01, ukisubiri wauzaji wapya wajaze kitabu. Wasipokuja, punguza kiasi, kwa sababu siku ya kuuza utakutana na kina kilekile.