Kabla ya Kulipia Orodha ya Bidhaa ya Kompyuta

Kijana mwenye kompyuta anaweza kumtengenezea mwenye duka orodha inayojihesabu yenyewe, kwa malipo. Tunamshauri mwenye duka aijaribu kwanza kwa bidhaa moja.

Tuchukue mfano wa duka la Kilwa Masoko lililofungua asubuhi likiwa na vipande 72 vya sabuni. Mchana zikaingia katoni 2 zenye vipande 24 kila moja, yaani 48. Hadi jioni vikauzwa 31. Safu B ni ya vilivyokuwapo, C vilivyoingia, D vilivyouzwa, na kanuni ya masalio ni hii:

```
=B2+C2-D2
```

Jibu ni 89. Lakini msaidizi wa duka akiandika 2 badala ya 48, kwa kuwa yeye huhesabu katoni, orodha itaonyesha 43. Hapo vipande 46 vyaweza kutoweka rafuni na orodha isilalamike, na hii ndiyo hasara tunayoihofia zaidi. Kwa hiyo mtengenezaji aweke safu ya katoni inayozidisha kwa 24 yenyewe, nawe uhesabu rafu kwa mkono jioni kabla ya kumaliza malipo.

Nywila ya faili ibaki kwako pia. Tena, ankara inayochapwa na kompyuta hiyo haichukui nafasi ya risiti ya mashine ya EFD. Mfanyabiashara anayetakiwa kisheria kuitoa ataendelea kuitoa.