Umetuma hela kwa tapeli? Fanya hivi haraka

Juzi hapa Mwanjelwa nilituma 600,000 ya vitunguu vya Ilula kwenye "akaunti mpya" ya muuzaji wangu. Nikampigia kwa namba yake ya zamani, akasema hajabadili akaunti. Kumbe nimepigwa!

Tapeli sikumgombeza, angeshtuka akatoa zote. Nikapiga benki palepale, nikawasomea namba ya muamala, nikaomba wazuie akaunti iliyopokea. Waliwahi 250,000, nyingine ilishatolewa.

Meseji sikufuta. Nilipiga skrinishoti, nikachukua RB polisi, nikapeleka vyote benki. Meseji ya tapeli nikaituma 15040.

Jioni akapiga "mtu wa benki", anataka namba ya siri eti anirudishie hela. Nikakata. Ndugu zangu, huyo anakuja kumalizia kilichobaki.