Usipa Watabaki au Wataisha? Chora Kwanza, Fomula Baadaye

Usipa tunaokula hapa Songea wanatoka Ziwa Nyasa. Tuseme kuna ghuba moja upande wa Mbamba Bay ambako wavuvi wamekubaliana kuvua tani 60 kila mwaka, si zaidi, si pungufu. Swali la mwanakijiji ni fupi: baada ya miaka mingi, samaki watakuwepo au hawatakuwepo? Wengi wetu tulioifanya hesabu ya juu kidato cha sita, tukiona swali kama hili tunakimbilia kutenganisha vigeuzi na kutafuta intego. Ngoja kwanza. Swali halijauliza idadi ya samaki Jumanne ya mwaka wa saba. Limeuliza mwisho wake ni nini, na hilo linajibiwa kwa penseli na karatasi ya grafu.

Tuanze na mlinganyo wenyewe. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alipendekeza kwamba viumbe huongezeka haraka wanapokuwa na nafasi, na kasi hiyo hupungua kadiri wanavyojaa mahali pao. Tukiita uzito wa samaki wote P, kwa tani, na muda t, kwa miaka, kisha tukatoa tani 60 za wavuvi, tunapata:

dP/dt = 0.4P(1 − P/800) − 60

Namba 0.4, 800 na 60 nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Si takwimu za ziwa. Namba 800 ni tani ambazo ghuba ingebeba kama hakuna mtu anayevua.

Sasa soma upande wa kushoto vizuri. dP/dt ni mteremko. Maana yake mlinganyo huu unatuambia, kwa kila nukta kwenye grafu, mstari wa jibu ukipita hapo utainama kiasi gani. Hatulijui jibu, lakini mwinamo wake tunaujua kila mahali. Tukichora kijistari kifupi chenye mwinamo huo kwenye kila nukta, picha tunayopata ndiyo uga wa mielekeo.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyosikika. Angalia upande wa kulia wa mlinganyo: t haimo. Kwa hiyo nukta zote zenye P sawa zina mteremko mmoja, iwe mwaka wa 1 au wa 20. Piga hesabu ya safu wima moja tu, kisha inakili kulia:

P = 100, mteremko −25
P = 200, mteremko 0
P = 300, mteremko +15
P = 400, mteremko +20
P = 500, mteremko +15
P = 600, mteremko 0
P = 700, mteremko −25

Hapa kwenye kuchora ndipo watu huteleza. Mtu anaona +20 anachora kijistari kinachokaribia kusimama wima, kwa sababu kichwani 20 ni mteremko mkali. Rudi kwenye skeli yako. Kama sentimita 1 ya mlalo ni mwaka 1, na sentimita 1 ya wima ni tani 100, basi tani 20 kwa mwaka ni kupanda sentimita 0.2 kwa kila sentimita 1. Huo ni mwinamo mdogo. Ukiukosea, mistari yako itapaa na kuvuka mahali ambapo haipaswi kufika.

Picha ikishakamilika, tafuta kwanza mahali vijistari vimelala. Ni P = 200 na P = 600. Samaki wakianza na tani 600 kamili, wanaozaliwa na kukua wanalingana na wanaovuliwa, na P haibadiliki. Hayo ndiyo masuluhisho ya msawazo. Ila misawazo hii miwili haifanani hata kidogo.

Juu ya 600 vijistari vinashuka. Chini yake, hadi 200, vinapanda. Pande zote mbili zinaelekea 600. Huu ni msawazo tulivu: ukiusukuma kidogo, unarudi. Anza na tani 250, fuata vijistari kwa penseli. Mstari unapanda polepole, unashika kasi ukifika 400, kisha unajilaza ukikaribia 600 bila kuigusa.

Kwenye 200 mambo ni kinyume. Juu yake vinapanda kuondoka, chini yake vinashuka kuondoka. Huu ni msawazo tete. Anza na tani 210: mteremko ni karibu +2. Anza na tani 190: mteremko ni karibu −2. Mwaka wa kwanza utaona tofauti gani hapo? Kwenye mitumbwi hakuna, maana ghuba zote mbili zimetoa tani 60 zilezile. Lakini moja inaelekea 600, na nyingine, ikifika tani 100, inapoteza tani 25 kwa mwaka, kisha zaidi, hadi inaisha. Mstari wa 200 ndio mpaka kati ya kubaki na kuisha, na kwa mvuvi hauonekani.

Tahadhari moja kuhusu P = 0. Ukiiweka kwenye mlinganyo unapata −60, yaani mlinganyo unataka tuvue samaki ambao hawapo. Sifuri si msawazo wa mlinganyo huu. Ni mahali unapokoma kufanya kazi. Mstari ukigusa chini, inua penseli.

Twende kwenye jambo halisi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Jaribu hatua kama hiyo kwenye ghuba yetu iliyo na tani 190. Bila uvuvi, mteremko pale ni karibu +58 kwa mwaka, hivyo robo mwaka inaongeza kama tani 14. Tunafika 204: tumevuka mpaka! Lakini iwapo wavuvi wakirudi watabeba tani 60 zote ndani ya miezi 9 iliyobaki, ile nafuu inaliwa na tunarudi chini ya 200. Kufunga kunasaidia pale ambapo jumla ya mwaka nayo inapungua. Tena, nani atapima samaki wa ghuba nzima kwa usahihi wa tani 10? Kukaa karibu na mpaka ni hatari hata kama hesabu inasema uko upande mzuri.

Mwisho, badilisha kanuni yenyewe. Badala ya tani 60 zisizobadilika, kila mwaka vuliwe kwa kasi ya asilimia 15 ya samaki waliopo:

dP/dt = 0.4P(1 − P/800) − 0.15P

Chora upya. Vijistari vinalala kwenye P = 0 na P = 500. Kwenye 100 mteremko ni +20. Kwenye 600 ni −30. Kwa hiyo 500 ni tulivu, na safari hii sifuri ni msawazo kweli, lakini tete: hata tani chache zikibaki, zinapanda. Ule mpaka wa 200 umetoweka. Na kwenye tani 500, asilimia 15 ni tani 75 kwa mwaka, zaidi ya zile 60 tulizoanza nazo. Kwako nakuachia moja: rudi kwenye kanuni ya kwanza, weka 80 mahali pa 60, kisha 90, uone ile misawazo miwili inakwenda wapi.