Mama amepata kiharusi, bosi ataka nimalize likizo

Shangazi, mama yangu, mwenye miaka 71, alipatwa na kiharusi na wiki hii anatoka hospitalini. Upande wa kulia umelegea, na maneno yanamtoka kwa shida. Nafanya kazi ofisini Mombasa, Jumatatu hadi Ijumaa. Niliomba ruhusa ya kumpeleka mazoezi ya viungo Jumanne na Alhamisi asubuhi, bosi akaniambia nichukue likizo yangu yote ya mwaka. Mwenzangu ananishauri nijifanye mgonjwa. Ndugu zangu wako Nairobi. Nifanyeje?

Pole sana mwanangu. La kujifanya mgonjwa liache kabisa. Likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni ya mfanyakazi anapougua mwenyewe. Ukigunduliwa unaweza kupoteza kazi, na dawa za mama atanunua nani? Likizo ya kumuuguza mzazi sheria hiyo haikuiweka, kwa hivyo itabidi uelewane na bosi.

Lakini usimalize siku zako 21 za likizo ya mwaka kwa mkupuo. Zitakwisha kwa muda wa kama mwezi mmoja, ilhali nguvu za mgonjwa wa kiharusi hurudi kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Sheria inaruhusu likizo igawanywe mkikubaliana, na kwa kawaida sehemu moja iwe wiki mbili mfululizo. Hizo wiki mbili, yaani siku 10 za kazi, zianze siku mama anapofika nyumbani. Zitumie kujifunza kwa mtaalamu wa mazoezi namna ya kumgeuza kitandani, kumlisha akiwa ameketi wima, na kumwinua bila kumvuta ule mkono uliolegea, maana bega lake huumia upesi.

Siku 11 zinazobaki, omba zikatwe nusu nusu: asubuhi mbili kila wiki, kwa wiki 11. Ukijumlisha na zile mbili za mwanzo unapata wiki 13, ndiyo miezi mitatu yenyewe.

Bosi akikubali ufidie saa hizo jioni, ni heri zaidi, kwani likizo yako itabaki. Mwombe hilo kwanza. Liandike kwa barua, uambatishe ratiba ya kliniki, useme utakuwa mezani saa ngapi na nani atashika kazi yako ukiwa nje. Bosi wako hajui kiharusi kinavyouguzwa. Akisikia "ruhusa ya mama" huenda anaona mtu asiyejulikana atarudi lini.

Nao ndugu zako wa Nairobi walipe msaidizi wa kushinda na mama ukiwa kazini. Mtu aliyelegea upande mmoja na anayesema kwa shida haachwi peke yake, na wewe huwezi kuwa mahali pawili. Wapigie wote kwa pamoja, uwatajie kiasi cha mshahara wa msaidizi, kila mmoja aseme atatoa ngapi.

Wiki ya 10, kabla siku hazijakwisha, muulize mtaalamu mama amefika wapi na bado anahitaji mazoezi mara ngapi, kisha urudi kwa bosi na jibu hilo.